Karatasi iliyokunjwa na kutobolewa: kutambua kosa kutokana na jibu ulilochagua

Jumamosi moja hapa Kisumu, katika chumba tunachokutania karibu na Kondele, dada mmoja anayejiandaa kwa jaribio la kuajiriwa aliniwekea swali mezani. Karatasi ya mraba imekunjwa mara mbili, ikatobolewa tundu moja, na mtahiniwa anatakiwa achague picha inayoonyesha karatasi hiyo ikishakunjuliwa yote. Yeye alichagua picha yenye matundu manne, moja katika kila pembe. Kitabu kilisema jibu lina matundu matatu.

"Mwalimu, hiki kitabu kimekosea," akaniambia. "Karatasi ikikunjwa mara mbili si inakuwa tabaka nne? Matundu matatu yametoka wapi?"

Kitabu hakikukosea. Nitarudi kwa swali lake mwishoni, kwa sababu ndani yake kuna makosa mawili yaliyokutana na kuzaa jibu linalopendeza macho. Kwanza nieleze jinsi ninavyofanya mtu akiniletea swali la aina hii alilolikosa. Siulizi jibu sahihi ni lipi. Nauliza yeye alichagua lipi. Jibu lisilo sahihi katika maswali haya huonyesha wazi mahali mkono ulipoteleza, kwa kuwa watungaji huzipata zile picha za kupotosha kutokana na makosa yanayojulikana: kuhesabu tabaka vibaya, kusogeza badala ya kugeuza, kukunjua kwa mpangilio usiofaa. Ukiijua picha uliyovutwa nayo, umeujua ugonjwa wako.

Kwanza tukubaliane namna ya kusoma mchoro

Gawa mraba kuwa visanduku kumi na sita, vinne kwa vinne. Safu za kusimama zipe herufi A, B, C na D kutoka kushoto. Mistari ya kulala ipe namba 1 hadi 4 kutoka juu. Pembe ya juu kushoto ni A1, ya chini kulia ni D4. Sikubuni ugawaji huu ili kurahisisha somo tu. Mtihani wa kujiunga na vyuo vya udaktari wa meno Marekani una sehemu ya maswali haya, na matundu yake hukaa katika nafasi hizohizo kumi na sita. Katika majaribio mengine matundu huweza kukaa popote, lakini gridi hii bado itakufikisha karibu vya kutosha kuchagua jibu.

Katika mchoro wa kawaida mstari usiokatika ni ukingo wa karatasi iliyopo, na mstari wa vipandevipande unaonyesha mahali karatasi ilipokuwa kabla ya kukunjwa. Palipozungukwa na vipandevipande pekee hapana karatasi. Watu wengi huupita mchoro huu haraka, kisha wanatoboa hewa. Jambo jingine ni kwamba karatasi haizungushwi kati ya picha moja na nyingine, isipokuwa swali liseme hivyo. Kipande kikikunjwa kwa mbele au kwa nyuma, matundu yatatokea palepale.

Dalili: idadi ya matundu haiko sawa

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo mara nyingi zaidi, na chanzo chake karibu kila mara ni ile kanuni ya mdomo: mkunjo mmoja mara mbili, mikunjo miwili mara nne, mitatu mara nane. Kanuni hiyo ni kweli pale tu kila mkunjo unapoifunika karatasi yote nusu kwa nusu. Watungaji wanalijua hilo, kwa hiyo hukunja robo, au hukunja pembe tu.

Chukua mfano huu. Safu D inakunjwa kushoto, inalala juu ya C. Kisha nusu ya chini inakunjwa kwenda juu, mstari wa 4 unalala juu ya wa 1 na wa 3 juu ya wa 2. Sasa tunatoboa mara mbili, katika C2 na katika B1. Aliyezoea kanuni ya mdomo atasema matundu mawili mara nne ni manane, na bila shaka atakuta picha yenye matundu manane ikimngoja.

Badala ya kuzidisha, andika idadi ya tabaka ndani ya kila kisanduku. Mwanzoni kila kisanduku kina 1. Baada ya mkunjo wa kwanza, A na B zimebaki na 1, C ina 2, na D haipo tena. Baada ya mkunjo wa pili imebaki mistari miwili tu ya juu, na kila namba imeongezeka maradufu:

```
    A B C
 1  2 2 4
 2  2 2 4
```

Tundu la C2 linapita tabaka nne, la B1 linapita mbili. Jumla ni matundu sita. Kuna ukaguzi mmoja ninaoupenda sana hapa: jumlisha namba zote za jedwali. Mbili mara nne ni nane, nne mara mbili ni nane, jumla kumi na sita, sawa na visanduku tulivyoanza navyo. Karatasi haipotei kwa kukunjwa. Ukipata kumi na nne au ishirini, kuna kipande umekisahau au umekihesabu mara mbili, na ni afadhali ujue hapo kabla hujagusa majibu. Mikunjo ya mshazari hukata visanduku katikati, kwa hiyo huko ukaguzi huu haufanyi kazi kwa urahisi huo. Kwa mikunjo inayopita kati ya visanduku, huutegemea kila wakati.

Tukimalizia mfano wetu, tunakunjua mkunjo wa mwisho kwanza. C2 inazaa C3, na B1 inazaa B4. Halafu tunafungua safu D. C2 inazaa D2, C3 inazaa D3. B hazikufunikwa na kile kipande cha D, kwa hiyo hazizai kitu. Matundu ni B1, B4, C2, C3, D2 na D3.

Dalili: idadi ni sahihi, lakini matundu yamekaa mahali pengine

Hapa nataka kujua kitu kimoja: je, matundu uliyoyachagua yanatazamana au yanafuatana?

Tuseme nusu ya kushoto imekunjwa juu ya nusu ya kulia, na tundu limetobolewa C1, karibu kabisa na mkunjo. Karatasi ikifunguliwa, tundu la pili liko B1. Mwenye kosa la kusogeza huchagua A1. Akilini mwake ameibeba nusu ya kulia na kuisukuma kushoto kama mtu anayesukuma droo, ndiyo maana C ikawa A na D ikawa B. Lakini karatasi haikusukumwa. Inazunguka kwenye mkunjo kama mlango kwenye bawaba. Kilicho karibu na bawaba hubaki karibu nayo, na kilicho mbali huenda mbali upande wa pili.

Kwa hiyo usijiulize tundu liko wapi kwenye karatasi. Jiulize liko hatua ngapi kutoka kwenye mkunjo. C1 ni kisanduku cha kwanza upande wa kulia wa mkunjo, basi mwenzake ni kisanduku cha kwanza upande wa kushoto, yaani B1. D1 ni cha pili, mwenzake ni A1. Kuhesabu hatua kutoka kwenye mkunjo kunamponya mtu haraka kuliko kumwambia afikirie kioo. Nimewaona vijana wakikodoa macho kutafuta hicho kioo akilini na dakika zinaisha.

Kama tundu si duara bali ni pembetatu, mshale au herufi, kosa hilohilo hujitokeza katika mwelekeo. Mkunjo uliosimama wima hubadilisha kushoto kuwa kulia, na juu hubaki juu. Mkunjo uliolala hubadilisha juu kuwa chini, na kushoto hubaki kushoto. Ukiona katika jibu lako mishale miwili pande mbili za mkunjo wima, yote ikielekea kulia, hapo umesogeza.

Dalili: unaweza mikunjo yote isipokuwa ya mshazari

Kijana mmoja kutoka Nyalenda alikuwa anapata maswali yote ya mikunjo iliyonyooka na kukosa karibu yote ya pembe. Nilipotazama majibu yake niliona kwamba kila mara alikuwa analifungua tundu moja kwa moja pembeni, kama kwamba mkunjo ulikuwa wima. Pembe ya juu kulia ikikunjwa hadi pembe ya chini kushoto, na tundu likatobolewa A3, yeye alichagua A3 na D3.

Jicho halina mazoea ya kioo kilicholala mshazari, kwa hiyo hapa mimi huacha jicho na kutumia namba. Zipe safu namba pia: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4. Mkunjo unaotoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia hubadilishanisha namba mbili za tundu. A3 ni safu ya 1, mstari wa 3. Badilisha: safu ya 3, mstari wa 1, yaani C1. Hilo ndilo jibu, A3 na C1. Kwa mshazari mwingine, unaotoka juu kulia hadi chini kushoto, badilisha namba kisha kila moja itoe kwenye 5. Tundu la C4 ni 3 na 4. Likibadilishwa ni 4 na 3. Ukitoa kwenye 5 unapata 1 na 2, yaani A2.

Kijana yule alilalamika kwamba hiyo ni hesabu, na mtihani ulisema ni wa picha. Nilimjibu kwamba msahihishaji haoni kilichopita kichwani mwako. Baada ya maswali kama thelathini aliacha kuhesabu mwenyewe, kwa sababu jicho lilikuwa limeshajifunza kutokana na namba.

Mwelekeo wa mishale hufuata kanuni hiyohiyo. Kwenye mshazari wa kwanza, mshale unaoelekea kulia ukikunjuliwa mwenzake huelekea chini.

Dalili: kuna tundu moja la ziada, na liko juu ya mkunjo wenyewe

Tundu lililotobolewa katikati ya mkunjo halizai mwenzake. Nusu yake iko upande huu wa mkunjo na nusu upande wa pili, na karatasi ikifunguliwa nusu hizo hukutana zikawa tundu moja zima. Kwenye picha ya karatasi iliyokunjwa utaona nusu duara ukingoni. Ikifunguka ni duara. Vivyo hivyo kipande cha pembetatu kilichokatwa ukingoni kwa mkasi hufunguka kuwa umbo la almasi.

Kanuni ya namba inaonyesha jambo hilo bila kulazimisha: B2 ni 2 na 2. Ukizibadilisha namba, bado ni B2. Tundu limejirudia lenyewe. Pale ambapo mtu amezoea kuzidisha mara mbili kwa kila mkunjo, hapa ndipo anapoongeza tundu lisilokuwepo. Pia ndipo ile imani kwamba idadi ya matundu lazima iwe shufwa inapovunjika. Tatu inawezekana. Tano inawezekana.

Dalili: swali la mkunjo mmoja unaliweza, la miwili linakushinda, na wakati mwingine unalipata bila kujua kwa nini

Hili ndilo kosa lililofichika kuliko yote, na nitakaa nalo kidogo.

Kila mtu huambiwa kwamba mkunjo wa mwisho ndio wa kwanza kufunguliwa. Wengi hawafuati, kwa sababu picha za swali zinasomwa kutoka kushoto, na mkono unaanza pale jicho lilipoanzia. Ubaya ni kwamba katika maswali rahisi kosa hili haliadhibiwi. Mikunjo miwili ikikatana kwa pembe mraba, mmoja wima na mwingine umelala, ukianza na wowote unafika palepale. Rudi kwenye mfano wetu wa C2 na B1, anza kwa kufungua safu D kisha nusu ya chini, utapata matundu sita yaleyale. Mtu anaweza kufanya maswali hamsini ya namna hiyo, akapata yote, na tabia mbaya ikawa imeota mizizi. Siku anapokutana na mkunjo wa mshazari pamoja na mkunjo ulionyooka, au mikunjo miwili inayoenda sambamba, kila kitu kinaporomoka na anadhani mtihani umekuwa mgumu ghafla.

Tazama hili. Nusu ya chini inakunjwa juu, tumebaki na mistari 1 na 2. Kisha pembe ya juu kushoto ya utepe huo inakunjwa kwenda chini kulia, A1 ikalala juu ya B2. Mkunjo unakata A2 na B1 katikati. Tunatoboa B2. Tabaka pale ni nne: mbili za utepe, na mbili za ile pembe iliyokunjwa. Kwa hiyo tunatarajia matundu manne.

Kwa mpangilio sahihi tunaifungua pembe kwanza: B2 inazaa A1. Kisha tunashusha nusu ya chini: B2 inazaa B3, A1 inazaa A4. Matundu ni manne kama tulivyotarajia.

```
    A B C D
 1  o . . .
 2  . o . .
 3  . o . .
 4  o . . .
```

Sasa fanya kinyume. Ukishusha nusu ya chini kwanza, B2 inazaa B3. Halafu unajaribu kuigeuza B3 kwenye ule mkunjo wa pembe, na inatoka nje ya karatasi upande wa kushoto. Mtahiniwa anaitupa, anabaki na A1, B2 na B3, na anachagua picha yenye matundu matatu. Swali la kujiuliza hapo ni hili: katika picha ya mwisho kabisa, yaani karatasi ikiwa imekunjwa yote, B3 ilikuwepo? Haikuwepo, mahali pale palikuwa na vipandevipande tu. Basi hakuna namna mkunjo wa mwisho ungeweza kuigusa. Kila unapojikuta unageuza tundu ambalo halionekani kwenye picha ya hatua unayoifungua, simama, umeruka hatua.

Jambo la kushikilia ni kuandika. Chora gridi, weka tundu, kisha andika pembeni namba ya mkunjo unaoufungua: 2, kisha 1. Anayeandika 2 kabla ya 1 hakosei mpangilio. Anayesema atakumbuka ndiye anayesahau.

Na pale kwenye picha ya karatasi iliyokunjwa, weka tarajio la idadi kabla hujaanza kufungua. Katika mfano huu tulitarajia manne na kosa likatupa matatu. Tofauti hiyo ndiyo kengele. Bila tarajio hakuna kinacholia.

Dalili: majibu ni sahihi nyumbani, muda unakwisha kwenye mtihani

Jaribio la kukunja karatasi lililo maarufu katika utafiti wa saikolojia limo katika mkusanyiko wa majaribio wa ETS, shirika la mitihani la Marekani, uliotolewa na Ekstrom, French na Harman mwaka 1976. Lina maswali ishirini, sehemu mbili za maswali kumi kumi, na kila sehemu hupewa dakika 3. Hiyo ni sekunde 18 kwa swali. Humo jibu la kubahatisha hupunguza alama, na hivyo lile shauri la kujaza yote hata usiyoyajua halifai kila mahali. Soma maelezo ya jaribio lako kwanza.

Kwa sekunde 18 huwezi kufungua kila tundu kwa kila mkunjo. Anayechelewa kwa kawaida analijenga jibu zima kwanza, ndipo anatazama machaguo. Geuza utaratibu. Hesabu tabaka mahali pa tundu, upate idadi, na ufute picha zote zisizo na idadi hiyo. Mara nyingi zitabaki mbili au tatu. Hakikisha tundu lililotobolewa lenyewe lipo katika kila picha iliyobaki, maana mahali lilipotobolewa halihami kamwe. Kisha fuata tundu moja tu linalotofautiana kati ya picha hizo, na ulifungue hadi mwisho. Usipoteze muda kwa matundu ambayo picha zote zimekubaliana.

Lakini hili ni la mtu ambaye tayari anapata jibu sahihi polepole. Ukimharakisha anayesogeza badala ya kugeuza, atakosea kwa haraka zaidi, basi.

Kuhakikisha kwa mkono

Ukibishana na kitabu, mwamuzi ni karatasi. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Kunja pembe moja hadi ukingo mrefu, kata kile kipande kinachobaki, na una mraba wa sentimita 21. Panchi ya ofisini haifiki katikati ya karatasi, inafika karibu na ukingo tu, kwa hiyo tumia ncha ya bikari juu ya daftari nene. Andika herufi na namba kabla ya kukunja. Hapa kwetu upepo wa ziwa hupeperusha kila kitu mchana, basi funga dirisha au weka jiwe juu. Kunja sawasawa na mchoro, toboa, halafu usifungue bado. Andika utabiri wako kwanza, ndipo ufungue, mkunjo mmoja kwa wakati, ukisimama baada ya kila mmoja kulinganisha. Ukifungua yote kwa mpigo utajua kwamba umekosea, ila hutajua ni katika mkunjo upi.

Swali la matundu matatu

Hivyo ndivyo tulivyofanya na yule dada. Swali lake lilikuwa hivi: pembe ya juu kulia inakunjwa hadi pembe ya chini kushoto, tunabaki na pembetatu ambayo mkunjo wake mrefu unatoka A1 hadi D4. Kisha nusu ya kulia ya pembetatu hiyo inakunjwa kushoto, ncha ya D4 ikalala juu ya A4. Tundu moja linatobolewa A4.

Nilimwomba aitazame ile ncha kwa karibu kabla ya kufungua. Ukingo wake wa mshazari unapita katikati ya tundu, kwa hiyo nusu tu ya duara imekata ile ncha, na ukingo huo ndio mkunjo wa kwanza wenyewe. Chini yake kuna pembe ya A4 na pembe ya D1, tabaka mbili zilizotobolewa duara zima.

Akafungua mkunjo wa pili: A4 ikazaa D4, ila pale D4 palionekana nusu duara ukingoni. Akafungua wa kwanza. A4, ambayo ni 1 na 4, ikazaa 4 na 1, yaani D1. D4, ambayo ni 4 na 4, ikajirudia, na ile nusu duara ikawa duara.

```
    A B C D
 1  . . . o
 2  . . . .
 3  . . . .
 4  o . . o
```

"Sasa nionyeshe ulivyofanya jana," nikamwambia. Alichora gridi upya. Alianza na mkunjo wa kwanza, A4 ikazaa D1. Kisha akafungua wa pili kama mlango wa wima, A4 ikazaa D4, D1 ikazaa A1. Pembe nne, nadhifu, na kanuni ya mara mbili mara mbili ikakubaliana nazo. Makosa mawili yalikuwa yameshuhudiliana.

Akaweka kidole juu ya A1 kwenye karatasi halisi, pale ambapo hapakuwa na tundu. "Hapa pembetatu ilikuwa na ncha yake ya juu," akasema polepole. "Bikari haikufika huku." Kisha akachukua karatasi nyingine, akaikunja mshazari mara mbili, akatoboa, na akaniandikia idadi kabla ya kuifungua.